Tarehe ya kwenye pakiti: yanayosemwa madukani Tanga, na yalivyo hasa

“Namba ni namba, 03/04/26 ni tarehe 3 Aprili.”

Inaweza kuwa, na inaweza kuwa Machi 4. Bidhaa nyingi zinazouzwa hapa, za Tanzania na za Kenya zinazoingia kupitia Horohoro, huanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Zile zilizofungwa kwa soko la Marekani huanza na mwezi. Za China mara nyingi huanza na mwaka na kuandikwa bila mkwaju, mfano 20260304, yaani 2026, mwezi wa 3, tarehe 4.

Njia ya kujua ni kutafuta namba inayozidi 12, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Pakiti ikiwa na tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya mwisho, soma zote. Ya mwisho ikisomeka 03/04/26 na ya kutengenezwa 09/28/24, basi 28 ni siku, na aliyeandika ameanza na mwezi. Mpangilio wa tarehe moja ndio wa nyingine. Zote zikiwa chini ya 13, angalia pakiti nyingine za bidhaa hiyohiyo rafuni mpaka upate inayokufungulia.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hilo, nalo ni kuichukua tarehe ya kutengenezwa kama ya mwisho. Vitafunwa na tambi kadhaa kutoka China huwa na tarehe moja tu, ya siku vilipotengenezwa, na mahali pengine pameandikwa muda, labda miezi 12. Mnunuzi anaona tarehe iliyopita, anamgombeza muuzaji bure. Wengine hufanya kinyume, hudhani tarehe ya karibuni ina maana bidhaa inakaribia kuisha, kumbe ndiyo kwanza imetoka kiwandani. Tafuta herufi zilizo kando: MFG, MFD au PROD ni kutengenezwa, EXP na USE BY ni mwisho wa kutumia, BB au BBE ni kitu kingine, tutakifikia. Pakiti ikionyesha mwezi na mwaka tu, mfano BBE 06/2026, muda unahesabiwa hadi siku ya mwisho ya Juni.

“Ukikuta stika, hiyo bidhaa imechakachuliwa.”

Si kila stika. Bidhaa iliyoagizwa nje ikiwa na maandishi ya Kiarabu au Kichina pekee, mwagizaji anaweza kubandika karatasi ya ziada yenye jina lake, anwani na maelezo katika lugha inayosomeka nchini. Stika ya namna hiyo hubandikwa pembeni, na tarehe ya kiwandani huachwa wazi. Ya kutiliwa shaka ni iliyokaa juu ya tarehe, hasa kama ni ndogo, haina jina la mwagizaji, na ina tarehe peke yake.

Wala usitegemee kusugua kwa kidole. Wengi wanaamini wino ukitoka, tarehe ni ya uongo. Viwanda vingi hupiga tarehe kwa mashine inayorusha matone ya wino mkanda ukiwa unapita. Wino huo hukauka kwa sekunde chache na kushika plastiki, lakini chupa ikiwa na unyevu au mafuta wakati wa kupigwa, haushiki vizuri, na tarehe halali kabisa inaweza kutoka kwa jasho la mkono. Upande wa pili, tapeli aliyetumia wino mzuri atafaulu jaribio lako la kidole bila taabu.

Kinachosema zaidi ni kilichobaki chini. Wino wa kiwandani hutolewa kwa thina, au kwa asetoni ile ile ya kufutia rangi ya kucha. Dawa hiyo haichagui: inaondoa tarehe na kung'ata pia mng'ao wa plastiki. Inamisha pakiti ili mwanga wa dirisha au tochi ya simu uipige kwa mshazari, si kwa kunyooka. Utaona baka lisilong'aa, lenye umbo la mstari, na mara nyingine kivuli cha namba za zamani nyuma ya mpya. Rangi za mchoro wa pakiti zikiwa zimepauka pale tu penye tarehe, mahali pengine zimekolea, jibu umelipata. Kwenye kopo la bati tafuta mikwaruzo ya msasa.

Kisha zitazame namba zenyewe. Mashine ya matone huandika kwa vidoti, na ukisogeza jicho unavihesabu. Muhuri wa mkono huacha mistari iliyojaa, wino umerundikana kingoni, na namba zinapanda na kushuka. Hapa tahadhari: wajasiriamali wadogo wa viungo, asali au unga lishe hutumia muhuri wa mkono kihalali kabisa, maana mashine ni ghali. Muhuri unakuwa ushahidi pale tu bidhaa ileile, ya kiwanda kilekile, sehemu nyingine ina vidoti.

“Namba ya toleo si ya mteja, ni ya kiwanda.”

Hii ndiyo dhana inayowasaidia zaidi wabadilishaji tarehe, kwa sababu wao wenyewe huisahau namba hiyo inayotambulisha bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Hufuta EXP na kuiacha namba ya toleo ilivyo.

Tuchukue mfano wa kopo la maziwa ya unga la gramu 400. Kibandani Makorora, chini ya kopo kuna stika nyeupe inayosema EXP 03/2027. Kando yake, karibu na ukingo, pamechongwa L5074. Kopo la aina hiyohiyo kwenye supamaketi ya Chumbageni halina stika: limeandikwa MFG 15/03/2025, EXP 15/09/2026, na namba ni ileile, L5074. Toleo moja hutengenezwa pamoja na huisha pamoja. Haliwezi kuisha Septemba 2026 Chumbageni na Machi 2027 Makorora.

Na kama hakuna kopo la pili? Viwanda vingi huficha siku ya kutengeneza ndani ya namba ya toleo. Hapa 5 ni mwaka 2025, na 074 ni siku ya 74 ya mwaka. Januari ina siku 31, Februari 28, jumla 59. Toa 59 kwenye 74, zinabaki 15, yaani Machi 15. Kutoka hapo hadi Machi 2027 ni miezi 24. Kama unajua maziwa hayo kwa kawaida hupewa miezi 18, stika imeongeza miezi sita ambayo mtengenezaji hakuitoa. Kiwanda hakibadilishi muda wa bidhaa yake toleo kwa toleo bila sababu, kwa hiyo tofauti kati ya kutengenezwa na kuisha ni kipimo ambacho mtu akishakijua kwa bidhaa anazonunua kila mwezi, hakimpotei.

Si kila kiwanda huhesabu siku namna hiyo. Wengine huanza na namba ya mashine au ya zamu. Kwa hiyo jifunze kwanza namba hiyo kwenye kopo ambalo tarehe yake ni wazi, ndipo uitumie kwenye lenye shaka.

Katoni nayo ina tarehe. Kwenye vibanda vya Ngamiani katoni ya biskuti au juisi mara nyingi iko palepale chini ya meza, na mwuzaji akiombwa kwa upole haoni tabu kuionyesha. Tarehe ya katoni na ya pakiti zinapaswa kulingana. Zikipishana, huenda alijazia katoni ya zamani, jambo la kawaida, ila ndipo pa kuuliza swali la pili.

Bidhaa za kupimiwa ziko nje ya haya yote. Maziwa ya unga au viungo vikishahamishwa kwenye kifuko cha nailoni, tarehe imebaki kwenye mfuko mkubwa. Omba kuuona mfuko huo, basi.

“Ikishaekspaya ni sumu.”

Inategemea ni tarehe ipi. EXP na USE BY huhusu usalama na hukaa kwenye vinavyoharibika upesi: maziwa fresh, mtindi, nyama iliyofungwa. Ikipita, usile hata kama harufu ni nzuri, kwa sababu baadhi ya vijidudu haviharibu harufu wala ladha. BB huhusu ubora. Biskuti iliyopita BB kwa wiki mbili itakuwa imelegea, tambi zitakuwa zilezile. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi huandika EXP kwenye kila kitu, hata maji ya chupa, na hapo mnunuzi hana namna ya kutofautisha ila kwa aina ya chakula. Chumvi isiyotiwa madini joto, sukari isiyoongezwa virutubisho na siki, kwa viwango vya kimataifa vya Codex, havilazimiki kuwa na tarehe ya mwisho hata kidogo, kwa hiyo pakiti ya sukari hiyo isiyo nayo haina kosa kwa viwango hivyo.

“Tarehe bado, kwa hiyo salama.”

Tarehe ni ahadi yenye masharti: pakiti iwe imefungwa, na imehifadhiwa ilivyoandikwa. Joto la Tanga la Januari hadi Machi, ndani ya kibanda cha bati kinachopigwa jua la mchana, si “mahali pakavu penye ubaridi”. Mafuta na unga wa maziwa huweza kupata uchungu mapema, kabla ya tarehe, kwa kuwa mafuta yake huungana na hewa upesi zaidi kwenye joto. Maziwa fresh ya pakiti yanataka nyuzi 4 hivi, na friji linalozimwa usiku ili kuokoa LUKU haliwezi kuzitoa. Pakiti iliyovimba inakuambia hilo bila tarehe. Yale ya muda mrefu, yaliyochemshwa kwa joto kubwa na kufungwa kwenye boksi, yanakaa nje bila shida hadi yafunguliwe. Yakishafunguliwa yanaingia friji na kuhesabiwa siku chache tu.

Kopo la samaki au maharage lililotuna pande zake lisionjwe, hata tone. Gesi inayolitunisha inaweza kutokana na kijidudu kinachotengeneza sumu ya kupooza mishipa, na sumu hiyo haina harufu.

“Namba ya barkodi ikianza na 620, bidhaa ni ya Tanzania, na wakiiskani wataona tarehe.”

Namba 620 huonyesha tu kuwa kampuni ilisajili namba zake Tanzania. Haisemi kitu kilitengenezwa wapi. Na mistari ya kawaida ya bidhaa za dukani haina tarehe ndani yake. Mashine ya kaunta husoma namba tu, na kompyuta ya duka ndiyo inayoleta jina na bei, ndiyo maana pakiti iliyoisha muda hulia “tii” sawasawa na nyingine.

Ukilibaini kopo la stika, liache juu ya rafu kwanza. Piga picha tatu: stika, namba ya toleo, na sehemu ya mbele yenye jina. Kama umeshalinunua, usiibandue stika, maana ikibanduka vibaya inang'oa namba iliyo chini na ushahidi unakwenda nayo. Tunza pia risiti. Mwonyeshe mwenye duka, kwani huenda naye aliuziwa hivyo na muuzaji wa jumla. Asiposikia, picha hizo ndizo anazozihitaji afisa afya wa kata au TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula na vipodozi, kazi iliyokuwa ya TFDA.