Sayari saba nyota moja si furushi

"Nilizaliwa 5 Februari 1962, sayari saba zikiwa Ndoo. Basi chati yangu ya unajimu ni furushi, maisha ya jambo moja tu?"

Hapana. Umbo la chati, kama furushi, hupimwa kwa nafasi tupu kwenye duara, si kwa wingi wa sayari katika nyota moja. Furushi hutaka zote kumi, Jua na Mwezi zikiwemo, zikae ndani ya nyuzi 120. Siku hiyo Uranusi ilikuwa mwisho wa Simba, Pluto Mashuke, Neptuni Nge. Toka Uranusi hadi sayari ya mwisho Ndoo ni takriban nyuzi 170: hilo ni bakuli, yaani umbo la sayari zote kukaa ndani ya nusu duara. Wanajimu husoma bakuli kama mtu anayejitegemea. Zingetapakaa duara zima, wangesoma mambo mengi.