Ufa wa patisheni ya jipsamu huanzia kwenye stadi, hauanzii kwenye pauda

Patisheni ya jipsamu ikipasuka, mwenye nyumba hulaumu pauda ya kuziba maungio, na fundi huja na ndoo nyingine ya pauda. Baada ya miezi michache ufa unarudi palepale. Mimi nikiitwa kwenye kazi kama hiyo, kabla ya kukwangua chochote nashika futi na kupima ufa uko wapi. Ufa wa kusimama wima ulio sentimita 120 kutoka ukutani ni maungio ya bodi mbili. Ufa unaopanda kuanzia kona ya juu ya mlango unaonyesha kwamba bodi ziliungwa mstari mmoja na nguzo ya mlango. Ufa wa kulala chini kidogo ya zege la juu mara nyingi ni wa stadi, vile vyuma vya kusimama vya fremu, zilizokatwa kwa kubanwa sana. Zote tatu ziliamuliwa siku ya kusimamisha fremu, bodi ikiwa bado imeegemezwa ukutani.

Bodi za kawaida madukani zina upana wa milimita 1200 na urefu wa 2400. Za milimita 9 ziache kwa ajili ya dari. Ukutani weka za 12 au 12.5. Stadi hupangwa kila sentimita 60 ili bodi moja ipate stadi katikati na stadi moja kila ukingo, na ule ubavu wa stadi ya ukingoni, yaani uso unaofungiwa bodi, ugawane bodi mbili, nusu kwa nusu. Ubavu wenyewe una upana wa kama sentimita 3.5 tu, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni fundi kupima sentimita 60 za uwazi, kutoka ukingo wa stadi hadi ukingo wa stadi inayofuata. Kipimo sahihi hutoka kwenye uso wa ukuta hadi katikati ya stadi: 60, 120, 180, ukiendelea kusoma futi ileile bila kuihamisha. Ukipima uwazi, kila stadi inaongeza upana wake, na stadi ya tatu inaanzia sentimita 127. Ukingo wa bodi unabaki unaning'inia hewani sentimita 7 kabla ya chuma. Hapo fundi hukata kipande chembamba cha bodi kuziba, na unapata maungio mawili mahali palipotakiwa moja, yote mawili dhaifu.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawakuwahi kuelezwa. Stadi imekunjwa kama herufi C: ina mgongo uliozibwa na mdomo ulio wazi. Ubavu upande wa mgongo ni mgumu, upande wa mdomo unayumba ukiusukuma kwa kidole. Midomo yote ielekee upande mmoja, kule unakoanzia kufunga bodi. Ukianzia kushoto, midomo itazame kushoto. Bodi ya kwanza inafungwa kwenye nusu ile laini ya ubavu na kuikaza. Bodi ya pili inakuja kwenye nusu iliyo karibu na mgongo, ambayo haiyumbi. Ukigeuza, skrubu ya bodi ya pili inasukuma mdomo ndani, chuma kinajipinda, na bodi moja inabaki imetokeza milimita moja au mbili kuliko mwenzake. Pauda itaficha tofauti hiyo, lakini ubavu umeachwa umejikunja na utaendelea kusukumana na bodi kila mtu anapoegemea au mlango unapobamizwa.

Nichukue ukuta mmoja niliopanga katika ofisi ya ghorofani Dar es Salaam: urefu mita 3.6, kimo mita 2.7, mlango wa upana wa sentimita 90. Mteja alitaka mlango uanzie mita 2.1 na kuishia mita 3.0. Upande wa kwanza bodi zinaungana 1.2 na 2.4. Upande wa pili haziwezi kuungana hapohapo, kwa sababu stadi moja ingebeba maungio ya pande zote mbili, kwa hiyo unaanza na nusu bodi: maungio yanaangukia 0.6, 1.8 na 3.0. Ile 3.0 ndiyo nguzo ya mlango. Kila mlango unapofungwa mshindo unapita kwenye nguzo, na maungio yaliyo juu yake hayadumu.

Nilimwomba tusogeze mlango sentimita 15, uanzie 1.95 hadi 2.85. Hakuona tofauti yoyote kwa macho, lakini hesabu ilikaa sawa. Upande wa kwanza, maungio ya 2.4 yakawa juu ya katikati ya mlango, kwenye stadi fupi inayosimama juu ya kizingiti cha juu cha mlango, na bodi mbili zikakatwa kona kuzunguka mlango. Upande wa pili, bodi moja nzima ikavuka mlango wote kutoka 1.8 hadi 3.0, ikatobolewa katikati. Hakuna maungio yaliyogusa nguzo. Ndani ya nguzo zote mbili tuliingiza mbao kavu, kwa sababu stadi tupu haibebi mlango.

Vifaa vyake: stadi 9 za mita 3, yaani 8 ndefu na moja ya kukata kile kipande cha juu ya mlango. Chaneli, vile vyuma vya kulala vinavyoshika ncha za stadi, 3 za mita 3 zinatosha juu, chini na kizingiti. Kwa kuwa bodi ina kimo cha mita 2.4 na ukuta ni 2.7, unahitaji bodi 7: sita za ukuta na moja ya kukata vipande vya sentimita 30. Nyuma ya kila maungio ya kulala weka kipande cha chaneli, hivyo ongeza chaneli 3 nyingine. Bodi moja ianzie chini na jirani yake ianzie juu, ili mstari wa kulala usipite moja kwa moja ukuta mzima.

Skrubu ni nyeusi za nyuzi nyembamba, milimita 25 kwa bodi moja. Za nyuzi pana ni za mbao. Zipishane sentimita 20 ukingoni na 30 katikati, sentimita moja kutoka ukingo wenye karatasi. Kichwa kizame kidogo tu bila kuipasua karatasi ya juu, maana karatasi ndiyo inayoishika bodi. Pitisha kisu cha pauda juu yake: kikigonga chuma, kaza kidogo. Ukiona unga mweupe kuzunguka kichwa, skrubu hiyo haishiki tena. Funga nyingine sentimita 5 pembeni.

Stadi ikatwe fupi kwa sentimita moja kuliko kimo, na usifunge bodi kwenye chaneli ya juu. Zege la juu hulegea kidogo linapobebeshwa mzigo, na stadi iliyobanwa itajipinda. Ule mwanya wa juu uzibwe kwa akriliki inayovutika, sio pauda. Chini nako acha sentimita moja kati ya bodi na sakafu, kwa sababu jipsamu hunyonya maji ya dekio. Sketi ya ukuta itaufunika mwanya huo.