Bango, mkono wa chuma na waya wa mshazari: dhana potofu na ukweli wa kani zake

Tembea Kariakoo au kando ya Barabara ya Uhuru uinue macho: mabango mengi ya maduka yananing'inia kwenye mkono wa chuma uliotoka ukutani kwa mlalo, na waya wa chuma unapanda kwa mshazari kutoka ncha ya mkono hadi ukutani juu yake. Ni vipande vitatu tu, lakini kuna imani kadhaa juu yake ambazo hurudiwa na mafundi na wenye maduka hata zikaonekana kweli. Imani hizo ndizo zinazofanya bolti zing'oke juu ya vichwa vya wapita njia.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Bango lina kilo 40 na limetundikwa kwenye ncha ya mkono. Mkono ni bomba la mraba lenye urefu wa mita 1.2 na uzito wa kilo 6 pamoja na viungo vyake. Umefungwa ukutani kwa pini, yaani kitako chake kinaweza kuzunguka kidogo juu na chini. Kwa hesabu nyepesi, kila kilo moja tuihesabu nyutoni 10: bango ni nyutoni 400, mkono ni nyutoni 60.

Dhana: "Bango ni kilo 40, kwa hiyo waya unavutwa kwa kilo 40. Tena ni pungufu, maana mkono unabeba nusu."

Mkono uliofungwa kwa pini hauwezi kuinua ncha yake. Uache bila waya, utaanguka na kulala ukutani. Kwa hiyo kazi yote ya kuinua ncha ni ya waya. Pale nchani kuna nyutoni 400 za bango na nusu ya uzito wa mkono, nyutoni 30, kwa sababu uzito wa mkono umekaa katikati yake na nusu ya pili inabebwa na pini. Jumla ni nyutoni 430 za kuinua.

Tatizo ni kwamba waya hauvuti kwenda juu moja kwa moja. Unavuta kufuata urefu wake, na sehemu kubwa ya mvuto huo inaishia kuusukuma mkono kuelekea ukutani. Ili sehemu inayokwenda juu ifikie nyutoni 430, mvuto mzima lazima uwe mkubwa kuliko hapo. Ukubwa wake unaupata kwa futi ya kupimia, bila kikokotoo cha pembe. Pima urefu wa waya, pima kimo kutoka pini hadi pale waya unaposhika ukuta, kisha:

mvuto wa waya = 430 × urefu wa waya ÷ kimo
msukumo ndani ya mkono = 430 × urefu wa mkono ÷ kimo

Ukuta, mkono na waya vinafanya pembetatu, na kani tatu za pale nchani zinalingana na pande zake. Kwa mkono wetu wa mita 1.2 majibu ni haya:

| Kimo ukutani | Urefu wa waya | Mvuto wa waya | Msukumo wa mkono |
|---|---|---|---|
| mita 1.6 | mita 2.0 | nyutoni 538 | nyutoni 323 |
| mita 0.9 | mita 1.5 | nyutoni 717 | nyutoni 573 |
| mita 0.5 | mita 1.3 | nyutoni 1,118 | nyutoni 1,032 |
| mita 0.35 | mita 1.25 | nyutoni 1,536 | nyutoni 1,474 |

Bango ni lilelile katika mistari yote minne. Kilichobadilika ni mahali tundu lilipotobolewa ukutani. Mwenye duka anayetaka waya uwe mfupi ili usizibe dirisha la ghorofa ya juu anaweza kuzidisha mvuto mara mbili au zaidi, na kwa macho tu hakuna anayegundua.

Dhana: "Kazi kubwa iko kitakoni, bolti nene ziwe chini. Juu hata bolti moja inatosha."

Dhana hii ndiyo yenye hatari kuliko zote, na inatokana na kudhani kwamba mkono unang'oka ukutani. Mkono hauvutwi, unasukumwa. Angalia safu ya mwisho ya jedwali: hizo nyutoni zote zinaukandamiza mkono kwenye ukuta, na ukuta wa tofali za saruji hauna shida na kukandamizwa. Pini yenyewe, katika mfano wetu, inabeba nyutoni 30 tu za kwenda chini.

Kinachong'oka ni kile kishikizo cha juu, pale waya unaposhika ukuta. Kani ileile inayousukuma mkono ndani ya ukuta ndiyo inayokivuta kishikizo nje ya ukuta, nyutoni kwa nyutoni. Kwa kimo cha mita 0.9, kishikizo kinavutwa nje kwa nyutoni 573 na wakati huohuo kinaburutwa chini kwa nyutoni 430. Kwa kimo cha mita 0.35 kule kuvutwa nje kunafika nyutoni 1,474, sawa na watu wawili wazima kuning'inia kwenye bolti iliyotoboa ukuta.

Kwa hiyo bolti nzuri, uangalifu na muda wa drili viende juu. Toboa kwenye linta au nguzo ya zege kama kimo kinaruhusu, na kama linta iko sentimita kadhaa juu zaidi ya ulivyopanga, ifuate: utapata zege na mvuto utapungua kwa pamoja. Ukilazimika kutumia tofali, toboa katikati ya tofali na si kwenye kiungo cha udongo wa saruji, kisha upitishe bolti hadi upande wa pili na uweke bamba la chuma nyuma yake. Kina cha bolti kihesabiwe kuanzia tofali au zege lilipoanza. Lipu haishiki kitu. Bolti ya sentimita 7 iliyopita kwenye lipu ya sentimita 2 ina sentimita 5 tu za kushika.

Dalili za kishikizo kinachotoka huonekana mapema. Lipu hupasuka kwa umbo la duara kuzunguka bolti, bamba huacha mwanya wa kupenya karatasi upande wake wa juu, na michirizi ya kutu hushuka ukutani kwa sababu maji yameanza kuingia. Maeneo yanayopigwa na hewa ya bahari, kama Kivukoni, kutu hiyo haisubiri, kwa hiyo bolti na waya viwe vya kupakwa zinki au vya chuma kisichoshika kutu.

Dhana: "Waya ukilala sana, weka waya mnene zaidi."

Waya mzima wa chuma wa milimita 6 unahitaji mvuto wa zaidi ya nyutoni 15,000 ili ukatike. Rudi kwenye jedwali: hata mstari mbaya kabisa ni kama sehemu moja ya kumi ya hapo. Kunenepesha waya ni kuimarisha kitu ambacho hakikuwa na udhaifu, huku kishikizo kikiendelea kuvutwa vilevile. Dawa ya waya uliolala ni kupandisha kishikizo.

Waya ukiachia, mara nyingi sababu ni ncha zake. Mkia uliokunjwa na kubanwa kwa klipu moja huteleza kidogo kidogo. Weka klipu tatu kila ncha. Upande wa klipu wenye tandiko ukae juu ya waya unaobeba mzigo, na ule msumari wa U ubane mkia. Ukiigeuza, U inauma nyuzi zilezile zinazobeba bango. Ndani ya kitanzi weka kile kikombe cha chuma cha kulinda mkunjo, kisha rudi kukaza nati baada ya waya kuupokea mzigo, kwa kuwa unapovutwa hupungua unene kidogo na klipu hulegea.

Dhana: "Ukikaza zaidi skrubu ya kuvutia waya, bango linakuwa imara zaidi."

Jibu linategemea kitako. Kama ni pini, mvuto wa waya umeshaamuliwa na uzito na kimo. Kukaza kunainua ncha ya mkono tu, na mvuto unabaki karibu palepale.

Lakini mikono mingi hapa mjini imechomelewa kwenye bamba lenye bolti nne, na kitako cha namna hiyo hakizunguki. Hapo kukaza kupita kiasi kunaupinda mkono kwenda juu, na kunaongeza mvuto kwenye kishikizo na kwenye bolti za chini za bamba bila faida yoyote. Kulegeza ni kubaya zaidi. Waya uliolegea haubebi kitu, na mkono unageuka kuwa wenzo mtupu: nyutoni 400 kwa mita 1.2, kuongeza nyutoni 60 kwa mita 0.6, ni nyutoni-mita 516 pale kitakoni. Kama bolti za juu za bamba ziko sentimita 10 kutoka ukingo wake wa chini, zinavutwa nje kwa jumla ya nyutoni 5,160. Linganisha na zile 573.

Namna ya kupata kipimo: egemeza ncha ya mkono kwa mti au bomba hadi pimamaji ionyeshe mlalo, tundika bango, kisha kaza skrubu taratibu mpaka ule mti utoke kwa kuuvuta kwa mkono mmoja. Ishia hapo, na funga skrubu kwa waya mwembamba ili mtikisiko usiifungue.

Dhana: "Bango likitundikwa kwa minyororo miwili, hesabu haibadiliki."

Inabadilika, na kwa upande wa waya ni nafuu. Tuseme mnyororo mmoja uko sentimita 20 kutoka ukutani na mwingine nchani, kila mmoja na nyutoni 200. Pima mizigo yote kwa umbali wake kutoka pini: waya sasa unatakiwa kuinua nyutoni 263 tu badala ya 430, na kwa kimo cha mita 0.9 mvuto wake unashuka hadi nyutoni 439. Ila zile zilizopungua hazikupotea. Pini iliyokuwa na nyutoni 30 sasa ina 197, kwa hiyo hapo pini nyembamba au uchomeleaji wa haraka hautoshi.

Dhana: "Waya upo, upepo hauna neno."

Waya na mkono viko kwenye bapa moja la wima. Kani inayotoka ubavuni haigusi waya hata kidogo. Upepo wa kusi ukipita kando ya ukuta unapiga uso wa bango moja kwa moja: bango la sentimita 90 kwa 60, upepo wa mita 20 kwa sekunde, ni takriban nyutoni 150 za kusukuma mkono kando, na zote zinapokelewa na kitako. Ndiyo maana pini hulegea na mkono huanza kucheza kushoto na kulia hata kama waya umenyooka vizuri. Zinahitajika nyaya nyingine mbili nyembamba kutoka nchani hadi ukutani, moja kila upande, zikiwa usawa wa mkono. Kwa mkono wa mita 1.2, kila moja ishike ukuta walau sentimita 60 kutoka kitakoni. Ukizisogeza karibu zaidi, mvuto wake unapanda kwa hesabu ileile ya jedwali.