Korekti skoo: kwanini 1-1 ya odi 6 inakula hela yako kuliko sare ya 3.30

Juzi kijiweni Kirumba dogo mmoja wa boda kanionesha mkeka wake, kaweka 1-1 kwa odi 6.00, akaniambia "kaka we endelea na sare yako ya 3.30, mi mtu wa hesabu, sare ni ile ile afu nalipwa karibu mara mbili." Nikamwambia kaa chini, washa kalkuleta ya simu. Ilichukua dakika kumi hivi na abiria wawili wakampita.

Korekti skoo (kwenye app inaandikwa Correct Score) ni kutabiri matokeo kamili ya dakika 90 na zile za majeruhi, siyo nani kashinda bali goli ngapi kwa ngapi. Ile nyingine, 1X2, unachagua tu mwenyeji, sare au mgeni. Zote mbili zinahesabiwa kwa muda ule ule ndo maana tunaweza kuzilinganisha.

Sasa kwenye kila soko kampuni inaweka cha juu, kama dalali tu. Kukiona unachukua 1 unagawanya kwa odi, unapata asilimia, unajumlisha za soko zima. Tuchukue mechi ya mfano, mwenyeji 2.10, sare 3.30, mgeni 3.50. Inakuja 47.6, 30.3 na 28.6, jumla 106.5. Ingekuwa haki bin haki ingekuwa 100, kwahiyo hiyo 6.5 iliyozidi ndo cha juu. Maana yake kila 1,000 inayoingia, kama watu wameweka kwa uwiano wa hizo odi, inarudi kwa wachezaji kama 939.

Korekti skoo huwezi kujumlisha kirahisi hivyo kwa sababu machaguo ni ishirini na kitu, kuanzia 0-0 mpaka 4-2, na mwishoni wanakuwekea "matokeo mengine yoyote". Ila kuna njia ya mkato na ndo niliyomwonesha dogo: chukua sare peke yake. Sare ni nini? Ni 0-0, 1-1, 2-2, 3-3, basi, ukitoa zile za ajabu za 4-4 kwenda juu. Kwahiyo kununua X ni kununua hizo zote kwa mpigo. Kwenye mechi yetu odi zake ziko hivi: 0-0 ni 9.00, 1-1 ni 6.00, 2-2 ni 14.00, 3-3 ni 50.00.

Swali likawa, nataka ikitokea sare yoyote nipate 10,000, niweke shingapi? Kwenye X naweka 3,030 imeisha. Kwenye korekti skoo inabidi nigawe: 0-0 niweke 1,111, 1-1 niweke 1,667, 2-2 niweke 714, 3-3 niweke 200. Jumla 3,692. Sare ile ile, 10,000 ile ile, nimelipa 662 zaidi, na ikiwa 4-4 nimeliwa wakati wa X anakula. Yani kwa njia hii sare ya 3.30 imegeuka kuwa sare ya odi 2.71. Hakuna mtu angeinunua hiyo ingeandikwa wazi.

Ni kama gunia la dagaa pale Mwaloni na mafungu ya gengeni. Dagaa ni wale wale ila ukijumlisha bei ya mafungu yote yanalipita gunia. Tofauti ni kwamba mama wa genge kabeba, kaanua, kakaa juani, anastahili chake. Hapa hakuna aliyebeba kitu.

Ukichukulia zile skoo nyingine nazo zimevimbishwa kwa kiasi hicho hicho, soko zima linafika kama 130. Kwenye 1,000 inarudi 769 tu. Na si ajabu kukuta 120 au 130 na kitu kwenye korekti skoo, mechi hiyo hiyo ambayo 1X2 yake ni 105 au 107.

Dogo akauliza la maana: kwanini wasiweke cha juu cha 6 na huku pia? Sababu ya kwanza ni woga wa kampuni yenyewe. Odi za skoo zinaanzia kwenye wastani wa magoli. Tuseme mwenyeji anatarajiwa goli 1.4 na mgeni 1.1. Kwa hesabu ya Poisson, ile inayogeuza wastani kuwa nafasi ya kila idadi ya magoli, nafasi ya mwenyeji kufunga moja kamili ni 34.5%, mgeni moja kamili 36.6%, ukizidisha unapata 12.6%, yani 1-1 inatokea kama mara moja kwenye mechi nane. 3-3 inatoka mara moja kwenye 120. Sasa tuseme walikosea kidogo, ukweli ulikuwa 1.6 na 1.3. Sare kwa ujumla inashuka kutoka kama 27% hadi 24%, si kitu kikubwa. Lakini 3-3 inaruka kutoka moja kwenye 120 mpaka moja kwenye 73! Kosa dogo kwenye wastani ni kosa kubwa sana kwenye skoo za mbali, kwahiyo wanajikinga, wanaiweka 50 na wanalala usingizi.

Sababu ya pili naona ndo kubwa zaidi. Odi tatu za 1X2 kila mtu anazilinganisha, hela nyingi inapita pale na wajanja wakiona kampuni imekosea wanaivamia, kwahiyo kampuni zinabanana. Odi ishirini na tano nani anakaa kuzijumlisha? Anayebeti 3-3 anaona 50, anaona 1,000 inakuwa 50,000, hawazi kwamba haki yake ilikuwa kama 120.

Na hapo ndo uone cha juu hakigawanywi sawa. Kwa hesabu ile, 1-1 ya 6.00 kwenye kila 100 inakurudishia kama 76 kwa wastani wa muda mrefu. 3-3 ya 50 inakurudishia 42. Skoo inavyozidi kuwa ya ajabu ndivyo unavyonyolewa. Niseme tu hiyo Poisson ya kawaida ina kasoro, inachukulia timu zinafunga kila moja kivyake, kumbe 0-0 na 1-1 zinatokea zaidi kidogo ya inavyosema, mwaka 1997 wataalamu wa takwimu Dixon na Coles waliandika marekebisho ya hilo. Kwahiyo 1-1 ya dogo ni nafuu kidogo kuliko nilivyoandika, 3-3 haiokolewi na hilo.

Ukiunga skoo kwenye mkeka mmoja ndo balaa, cha juu kinazidishana: soko la 130 mara mbili, 769 inakuwa kama 590, mara tatu 455.

Dogo alikuna kichwa afu akanionesha tangazo kwenye simu, ofa ya siku, 1-1 imepandishwa kutoka 6.00 hadi 7.00, "hii je?" Tukapiga: kwa soko la 130, 6.00 inarudisha kama 77 kwenye kila 100, kwahiyo 7.00 inarudisha kama 90. Ile X ya 3.30 aliyoicheka, ukiitoa cha juu chake kwa uwiano vile vile, inarudisha kama 94.