Mapafu meusi kwenye picha ya CT

“Baba amepigwa CT ya kifua hapa Mbeya. Picha moja mapafu meusi tii, nyingine yana mishipa, ya tatu ya mifupa. Mbona wamempiga mionzi mara tatu? Na hilo pafu jeusi limeoza?”

Poleni kwa kuuguliwa. Picha hizo tatu zinatoka kwenye mionzi ya mara moja, na weusi huo si kuoza.

Mashine hupima kila nukta ya mwili na kuipa namba: maji 0, hewa hasi 1000, misuli kama 50, mfupa mgumu hupita 1000. Jicho haliwezi kutofautisha rangi za kijivu maelfu, hivyo mtaalamu huchagua kipande cha namba cha kutazama. Kipande hicho huitwa dirisha: namba zilizo chini yake huonekana nyeusi, zilizo juu yake nyeupe.

Dirisha la nyama laini huanzia hasi 160 hadi 240. Pafu lenye afya lina kama hasi 850, liko chini ya dirisha, basi lote huwa jeusi. Hata ukungu wa nimonia wenye hasi 600 humezwa humo. Fungua dirisha la mapafu, hasi 1350 hadi 150: pafu linakuwa kijivu cheusi, ukungu ule unaonekana mweupe zaidi, lakini moyo na mifupa vyote vinageuka vyeupe. La mifupa ni pana zaidi, ili ufa mwembamba wa ubavu usifunikwe na weupe.

Kuna vipimo vinavyorudiwa kweli, kabla na baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha. Ripoti yake husema hivyo.