Gumzo limefungwa, bekapu je?

Ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umesimbwa, na ni simu yako na ya unayewasiliana naye tu zinazoweza kuufungua. Simu inapopeleka bekapu iCloud au Google Drive, ulinzi huo hauendi nayo. Ufunguo wa bekapu ya kawaida hauko kwako peke yako, na kampuni iliyoushika inaweza kuamriwa na mahakama kufungua.

Ndivyo ilivyokuwa Juni 2018, waendesha mashtaka wa Marekani walipomtuhumu Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, kwamba alijaribu kuwashawishi mashahidi kupitia WhatsApp. Sehemu ya ushahidi FBI waliitoa kwenye akaunti yake ya iCloud, kwa kibali cha mahakama. Kuvunja usimbaji wa WhatsApp hakukuhitajika.

Polisi si wao tu. Mtu anayejua nenosiri la Gmail yako, kisha akafanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini nyingine, anaweza kuisajili WhatsApp upya na kurejesha gumzo zako zote, hasa kama hukuweka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili. Kwa watu wengi, huyu ndiye wa kuogopwa zaidi, kwani haombi kibali kwa yeyote.

Tangu Oktoba 2021 WhatsApp inakuruhusu kuisimba bekapu yenyewe. Njia ni hii:

```
Settings > Chats > Chat backup > End-to-end encrypted backup > Turn on
```

Utachagua nenosiri, au ufunguo wa alama 64 ambao simu inakutengenezea. Nenosiri linatosha, ila lisiwe lile la barua pepe yako. Liandike mahali nje ya simu. Ukilisahau ukiwa bado ndani ya WhatsApp, unaweza kuliweka jipya. Ukipoteza simu na nenosiri kwa pamoja, gumzo hazirudi, na WhatsApp haiwezi kukusaidia. Hiyo ni bei halali ya ulinzi huu, maana kama wao wangeweza kukufungulia, wangeweza pia kumfungulia mwingine.

Wenye iPhone wana mtego mmoja. Bekapu ya simu nzima ya iCloud inaweza kubeba nakala nyingine ya gumzo isiyo na ulinzi huo, hata baada ya kuwasha usimbaji ndani ya WhatsApp. Ama zima bekapu hiyo, ama washa `Advanced Data Protection` kwenye mipangilio ya iCloud, ambayo huisimba kwa ufunguo usioshikwa na Apple.

Kumbuka pia kwamba gumzo lina pande mbili. Usimbaji wako haugusi bekapu ya mwenzako, na kibali kikielekezwa kwenye akaunti yake, maneno yako yatasomwa humo. Kwa hiyo mkizungumza mambo ya matibabu, kesi au fedha, mwombe naye awashe. Kwenye kundi, kila mwanakundi mwenye bekapu ya kawaida ana nakala ya kila ulichoandika.