Kupauka kwa kitenge na kupauka kwa uso

Binti mmoja wa Ujiji alikuja kwenye duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Kigoma mjini, kitenge mkononi na malalamiko mdomoni. "Shikamoo shangazi. Hii dawa ya chunusi ni mkorogo. Tazama, imekipausha kitenge, na uso nao umepauka." Dawa yenyewe ilikuwa jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10, aliyoinunua kwingine. Aliichagua hiyo kwa sababu kumi ni kubwa kuliko mbili na nusu.

Kosa lake lilitokana na neno moja tunalolitumia kwa mambo mawili. Kitenge kupauka ni jambo moja, uso kupauka ni jambo jingine kabisa.

Tuanze na kitenge. Benzoili peroksaidi ikifika kwenye ngozi huvunjika na kuachia oksijeni yenye nguvu. Bakteria wa chunusi wanaishi ndani ya vitundu vya vinyweleo, mahali pasipo na hewa, na oksijeni hiyo inawaua. Lakini haichagui. Ikigusa rangi ya nguo inaivunja pia, kama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe inavyofanya. Ndiyo maana doa lake halitoki. Mawese yakikudondokea yameongeza rangi juu ya kitambaa, kwa hiyo sabuni ina cha kuondoa. Hapa rangi yenyewe imekufa, na hakuna sabuni inayorudisha kisichokuwepo. Jeli ikikauka bado ipo usoni, jasho la usiku linaihamishia kwenye foronya, na asubuhi taulo unalojifutia linapata lililobaki. Tumia taulo na foronya nyeupe, na nawa mikono ukimaliza kupaka.

Uso sasa. Nilimwambia anawe, apake vaselini kidogo shavuni, atazame kioo. Weusi wake ukarudi palepale. Huko hakukuwa kuchubuka, ni ukavu: tabaka la juu limekauka na kubanduka, likaonekana kama lina majivu. Kwa nguvu hizi za dukani, dawa hii haiondoi melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi.

Hatari kwa ngozi nyeusi iko upande wa pili. Ngozi yetu ikiungua au ikiwashwa kwa muda, seli zake hutengeneza melanini ya ziada, na pale palipokuwa na kipele panabaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Kwa hiyo dawa kali inaweza kuondoa chunusi ikakuachia madoa, na wengi wanaokuja kwetu madoa ndiyo yanayowaumiza zaidi kuliko chunusi zenyewe.

Hapo ndipo suala la nguvu linapoingia. Ilipolinganishwa asilimia 2.5 na 5 na 10, vipele vyekundu vilipungua kwa kiasi kinachokaribiana. Kilichoongezeka na namba ni ukavu na muwasho. Anza na 2.5, au 5 kama hiyo haipo. Chukua kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima, paka eneo lote linalotoka chunusi badala ya kudonoa kipele kimoja kimoja, usiku mmoja paka na unaofuata pumzika. Ngozi ikizoea baada ya wiki mbili hivi, paka kila usiku. Kukauka kidogo ni kawaida. Uso ukivimba au ukiwasha sana, acha, huo huenda ni mzio.

Na madoa yaliyokwisha kubaki? Kwa hayo nilimpendekezea asidi ya azelaiki, ambayo kwa kawaida huja kama jeli ya asilimia 15 au krimu ya asilimia 20. Inapunguza bakteria, inazuia vitundu kuziba, na inakizuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, hasa katika seli zilizozidisha kazi. Kwa hiyo doa linafifia huku ngozi iliyo salama ikibaki ilivyo. Haiharibu nguo, na mjamzito anaweza kuitumia, kwa kumshirikisha mhudumu wake wa kliniki. Ubaya wake ni kuchomachoma wiki za mwanzo, na polepole yake: vipele hudai wiki nne hadi nane au zaidi, madoa hudai miezi. Jua likipiga uso wazi, hudai zaidi. Vipele vikubwa vya ndani vinavyouma na kuacha makovu havingoji jeli ya dukani, hivyo ni vya daktari.

Binti alipumzisha uso kwa wiki moja, akitumia sabuni laini na vaselini tu. Kisha akaanza benzoili peroksaidi ya 2.5 usiku mmoja mmoja, na mwezi uliofuata akaongeza azelaiki asubuhi. Hakuanza zote siku moja, maana uso ukiwaka asingejua amlaumu nani. Kitenge kile hakukitupa. Ndicho anachojifunga usiku wa dawa.